Herufi mbili za Lusajo

Swali la wiki: "Ripoti ya mwanao imerudi nyumbani jina limekosewa. Utamwandikia mwalimu mkuu barua, au utasamehe kwa kuwa ni herufi moja tu?"

Mhariri, andika barua. Na wanaosema "herufi moja tu" naona bado hawajapeleka mtoto kuomba mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina la kwenye cheti hicho lisipofanana na la cheti cha kidato cha nne, ndipo mzazi anapojua herufi moja ina uzito gani. Ila mimi naona jambo la kuuliza ni hili: hiyo barua inaomba nini kisahihishwe? Nimeona barua iliyoandikwa kwa uchungu mwingi, ikapokelewa vizuri, ikafanyiwa kazi siku hiyohiyo, na haikusaidia kitu.

Barua yenyewe ilikuwa ya kaka yangu, Ambakisye, ambaye anaishi huku Tukuyu. Mwanawe anaitwa Lusajo. Akiwa darasa la tatu alileta ripoti ya Juni imeandikwa "Lusayo Ambakise". Kaka alikasirika hadi chai ikapoa. Lusajo ni jina la babu yetu, na Ambakisye ni lake yeye, kwa hiyo kwa hesabu zake shule ilikuwa imewatukana vizazi viwili kwenye mstari mmoja. Akakaa akaandika kurasa mbili. Zilieleza ukoo ulivyotoka, maana ya jina, na walimu wa siku hizi wasivyojua Kinyakyusa. Mahali fulani katikati aliomba "kosa hili lirekebishwe haraka iwezekanavyo." Darasa la mtoto halikutajwa wala hakukuwa na kiambatisho. Ukiisoma bila kumjua mtoto, huwezi kuwa na uhakika kama jina sahihi ni lipi, maana ndani ya barua Lusajo ameitwa pia kwa jina la nyumbani.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mstaarabu sana, alimwita mwalimu wa darasa. Wakachukua ule wino mweupe wa kufutia, wakapaka juu ya jina, wakasubiri ukauke, wakaandika upya, na muhuri ukagongwa pembeni. Kaka akarudi nyumbani kifua mbele, akaibandika ripoti ukutani.

Desemba ikaja ripoti ya pili: "Lusayo Ambakise".

Safari hii nilimwambia atulie, twende wote. Kabla ya kwenda nikamwomba wifi anipe ripoti zote za nyuma na madaftari ya mtoto. Darasa la kwanza jina lilikuwa sawa. La pili, sawa. La tatu, mihula yote miwili, limekosewa vilevile, herufi kwa herufi. Hapo mzazi yeyote anaweza kujipimia. Kosa likitokea muhula mmoja tu, mkono uliteleza wakati wa kujaza ripoti, na wino mweupe unatosha. Likijirudia lilelile, mwalimu anapojaza ripoti hakosei, ananakili sawasawa kutoka mahali palipokosewa. Ukisahihisha ripoti unasahihisha kivuli.

Tukamkuta mwalimu mkuu ofisini wiki ya pili ya Januari, pilikapilika za kuandikisha darasa la kwanza. Tukamwomba tuone jina lilivyo kwenye rejista. Nilidhani atakataa, lakini alifungua. Kwenye kitabu cha uandikishaji, kile kikubwa ambacho mtoto huingizwa siku anapopokelewa shuleni, jina lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa wifi alikwenda na cheti na mwalimu akanakili kutoka humo. Kwenye rejista ya mahudhurio ya darasa la tatu lilikuwa limeharibika. Rejista hiyo huanzwa upya kila mwaka, na mwalimu wa darasa ndiye hunakili majina kwa mkono kutoka kwenye orodha ya mwaka uliopita. Mwalimu wa mwaka ule alikuwa mgeni kutoka kusini. "Sye" kwake haikuwa na kichwa wala miguu, akaandika alivyozoea kutamka.

Ila kwa "Lusayo" sikumlaumu, na nilimwambia kaka hivyo mbele ya mwalimu mkuu. Lusayo ni jina la watu. Ukielekea upande wa Songwe na Malawi utawakuta akina Lusayo wengi. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka shule nzima. Mtoto akiandikwa "Lsuajo" kila anayepita atajua kuna kosa, lakini kosa linalozaa jina lingine la halali hupita mlango hadi mlango bila kusimamishwa.

Kisha mwalimu mkuu akafungua kompyuta na kuingia kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wenye kumbukumbu za wanafunzi. Mle tukakuta toleo la tatu: LUSAJO AMBAKISE. Mtoto mmoja, shule moja, majina matatu. Na hilo la PReM ndilo lililonitisha, kwa sababu usajili wa upimaji wa darasa la nne unapita humo, baadaye wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na namba ya PReM inamfuata mtoto hadi sekondari. Ripoti ya ukutani haiendi popote.

Barua ya pili niliiandika mimi, kaka akaisoma akasema ni kavu. Ni kavu kweli. Naiweka hapa, nimeondoa jina la shule tu:

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ……,
S.L.P. ……,
TUKUYU.

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA MAJINA YA MWANAFUNZI LUSAJO AMBAKISYE, DARASA LA IV B

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa mwanafunzi aliyetajwa. Katika ripoti zake mbili za darasa la tatu ameandikwa "Lusayo Ambakise". Majina yake kwa mujibu wa cheti cha kuzaliwa (kivuli kimeambatishwa) ni "Lusajo Ambakisye". Kitabu cha uandikishaji cha shule kina majina sahihi.

Naomba majina hayo yasahihishwe katika rejista ya mahudhurio na katika kumbukumbu zake za PReM kabla ya usajili wa upimaji wa darasa la nne, na nioneshwe orodha ya usajili kabla haijatumwa. Ripoti zilizokwisha kutolewa si lazima ziandikwe upya.

Nakala: Mwalimu wa darasa, IV B.

Sentensi ya mwisho ilitugombanisha. Kaka alitaka ripoti mpya. Nikamwambia mwalimu ana darasa limefurika, ukimpa kazi mbili atafanya ile nyepesi, na nyepesi ni ripoti.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka. Kaka akatia saini, akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, akampa mwalimu mkuu. Mama akasoma, akavua miwani, akamtazama.

"Baba Lusajo, hapa chini umeandika Ambakisie. Huku juu unataka Ambakisye. Nimwandike mtoto lipi?"

Kaka akatoa kitambulisho cha taifa kuonesha kwamba hakujitungia. Ni kweli, kitambulisho chake kinasomeka AMBAKISIE. Kilitoka hivyo, naye akaamua kusaini kinavyosema ili asisumbuliwe benki. Kwa hiyo mtu aliyekuja kudai jina lake liandikwe sawasawa ana kadi mfukoni inayomkosea, na ameizoea. Wifi alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilijikaza.

Mwalimu mkuu alikata shauri vizuri. Alisema shuleni cha kufuatwa ni cheti cha mtoto, hakifuatwi kitambulisho cha baba, saini ya baba wala matamshi ya ukoo. Akakichukua kile cheti akakisoma karibu na dirisha, maana ni vile vinavyojazwa kwa mkono, vinavyotolewa kwenye zahanati na ofisi za kata kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na mwandiko wa wengine huko ni wa haraka. Akataka kuhakikisha ile "y" ni "y". Aliporidhika alirekebisha rejista kwa mstari mmoja juu ya jina la zamani, akaandika jipya na kuweka saini yake pembeni, la PReM akaahidi kulishughulikia, na kabla ya usajili kutumwa alimwita kaka akaona orodha. LUSAJO AMBAKISYE.

Nimeanza kuandika nikiwa na hakika kwamba barua ndiyo dawa. Nikiangalia tena nilivyosimulia, naona kilichofanya kazi ni kufika na cheti na kuomba rejista ifunguliwe. Mama yule angefanya yote hayo hata tusingekuwa na karatasi. Basi jibu langu, mhariri, ni hili: mtoto akiwa darasa la kwanza hadi la tatu, nenda kwa mdomo kwanza, kwa mwalimu wa darasa, na kivuli cha cheti mkononi. Barua ya moja kwa moja kwa mwalimu mkuu katika hatua hiyo inamfanya mwalimu wa darasa aonekane ameshtakiwa, na mtoto ndiye anayebaki naye mwaka mzima. Kuanzia darasa la nne, andika, kwa sababu walimu huhamishwa, na anayekuja hakusikia mlichoongea. Bakiza kivuli cha barua chenye muhuri wa kupokelewa. Na usingoje baada ya mtihani, kwani hapo mwalimu mkuu hana tena uwezo wa kufuta kitu.

Lakini kama shule yenu ina mwalimu mkuu asiyefungua rejista mbele ya mzazi, na wapo, andika tangu siku ya kwanza na sahau niliyosema hapo juu.

Kuna jambo moja ambalo sijui kama wasomaji watakubaliana nami. Ikiwa cheti cha kuzaliwa ndicho kilichokosewa na shule ndiyo iliyoandika sawa, msiguse shule. Anzeni RITA, kwenye ofisi yao ya wilaya, na mwalimu mkuu mpeni taarifa tu kwamba jambo linashughulikiwa. Nimesikia wazazi wanaosahihisha rejista ifuate cheti kibovu halafu wanakwenda kurekebisha cheti, wakawa na kazi mara mbili.

Kaka naye alishauriwa aende kwa wakili akaape kwamba Ambakisye na Ambakisie ni mtu mmoja, kabla Lusajo hajafika umri wa kuomba kitambulisho chake. Anasema mtoto ni wa darasa la nne, muda upo. Barua za benki bado anasaini kwa "ie".

Dada wa Ambakisye, Tukuyu