Kabla hujaituma orodha ya wanaostaafu

Mwaka ule nilipokabidhiwa lahajedwali lenye orodha ya watumishi, mwenzetu mmoja alipewa barua ya kustaafu kabla ya wakati wake. Alizaliwa tarehe 18/11/1964, na orodha ilifungwa tarehe 30/6/2024. Safu ya umri ilisema 60. Yeye alikuwa na miaka 59, na umri wa kustaafu kwetu ni 60. Barua niliiandaa mimi, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu.

Fomula ilikuwa inatoa mwaka kwenye mwaka: 2024 kutoa 1964. Haiulizi kama siku ya kuzaliwa imeshafika. Wengine hugawa siku kwa 365 wakidhani wamepona, lakini miaka 60 huwa na takriban siku 15 za ziada za Februari 29, hivyo mtu huonekana amefika 60 kama wiki mbili kabla. Kosa hilo ni baya zaidi kwa sababu huwapata wachache tu.

Siku hizi naweka tarehe ya ripoti kwenye seli H1, situmii `TODAY()`, maana orodha iliyosainiwa leo haifai kubadilika kesho. B ni tarehe ya kuzaliwa, C ya kuajiriwa. D ni umri, E utumishi, F tarehe ya kustaafu (miezi 720 ndiyo miaka 60):

```
D2: =DATEDIF(B2,$H$1,"Y")
E2: =DATEDIF(C2,$H$1,"Y")
F2: =EDATE(B2,720)
G2: =(D2>=60)=(F2<=$H$1)
```

G ndiyo ninayoitegemea. Aliyefikisha 60 lazima tarehe yake ya kustaafu iwe imefika, na ambaye hajafikisha iwe bado. Safu hizo mbili zikigombana, inatoka `FALSE`. Kwenye orodha yangu ya zamani, G ingelikamata kosa la mwenzetu papo hapo: umri 60, kustaafu 18/11/2024, ripoti ya Juni. Kama kanuni zenu humwacha mtu hadi mwisho wa mwezi, ongeza `EOMONTH` kwenye F, lakini linganisha kwanza bila hiyo.

Ila G hukagua hesabu tu. Tarehe yenyewe ikiwa mbovu, safu zote zitakubaliana kwa furaha. Kompyuta iliyozoea kuanza na mwezi huisoma 11/08/1964 kuwa Novemba 8, wakati jalada linasema Agosti 11. Ishara yake ni hii: tarehe zenye siku zaidi ya 12 hushindwa kusomeka, zinabaki maandishi na kuegemea kushoto. Jaribu `=ISNUMBER(B2)` safu nzima. Ukikuta baadhi ni `FALSE`, usizirekebishe hizo peke yake. Zilizokubali nazo zimegeuzwa, na hizo ndizo hazipigi kelele. Ingiza upya safu yote, kisha fungua majalada ya wanaokaribia 60 mmoja mmoja.