Swali la Lugha: Ujumbe Mrefu, Ombi Limejificha

*Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nimemwandikia mwenyekiti, mama wa makamo, naye amejibu tu "sawa mwanangu". Fomu bado haijasainiwa. Nimekosea wapi?*

*"Shikamoo mama, habari za tangu juzi, natumaini nyote hamjambo. Samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba kama itawezekana, kutokana na lile suala la benki kubadilisha fomu, nilikwenda Jumatatu nikaambiwa nirudi, kwa hiyo itakuwa vizuri sahihi yako ikipatikana mapema maana wanataka mpaka Ijumaa saa nne, katibu ameshasaini, basi ukipata nafasi tuwasiliane."*

Mama hakukupuuza. Ameambiwa "tuwasiliane", naye amewasiliana.

Tatizo limo kwenye "sahihi yako ikipatikana". Vitenzi vya namna hii, kama kupatikana na kufanyika, havimtaji mtendaji: sahihi inapatikana yenyewe, kama mvua inavyonyesha. Ukitaka mtu atende, mpe kiambishi chake: *naomba usaini*. (Wapo watakaodai "utie sahihi". Ni Kiswahili kizuri, lakini kwenye simu "usaini" inatosha.) Usiogope kwamba utaonekana mkavu. "Saini" peke yake ni amri. "Naomba usaini" imeshabeba adabu, hivyo "nilikuwa naomba kama itawezekana" inaongeza tu mlango wa kukataa. Shikamoo ibaki. Ni neno moja, na kulikata ndiko kungekuwa utovu wa adabu.

Siku ya mwisho inahitaji uangalifu zaidi. "Mpaka Ijumaa" huonyesha jambo linaloendelea hadi siku hiyo, kama "nipo mpaka Ijumaa", na "saa nne" bila "asubuhi" inaweza kuwa ya usiku, kwa hiyo mama anaweza kudhani ana Ijumaa nzima. "Kabla ya Ijumaa" nako kunaiondoa Ijumaa yenyewe. Sema "kabla ya saa 4 asubuhi, Ijumaa", kisha weka tarehe, kwa sababu "Ijumaa hii" hubishaniwa hata ndani ya nyumba moja. Tena, Ijumaa saa 4 ni mwisho wa benki, si wa mama. Wa kwake ni siku utakayompelekea fomu, na huo hukuutaja popote.

Safari yako ya Jumatatu iache, haimsaidii kusaini. Habari kwamba katibu ameshasaini ibaki, maana ndiyo inayomwonyesha kuwa imebaki sahihi yake tu. Tukichukulia Ijumaa hiyo ni tarehe 14:

Shikamoo mama. Naomba usaini fomu mpya ya benki ya kikundi. Katibu ameshasaini, umebaki wewe tu.
Nitakuletea nyumbani Alhamisi tarehe 13, saa 10 jioni.
Benki inaitaka kabla ya saa 4 asubuhi, Ijumaa tarehe 14. Kama Alhamisi hutakuwepo, niambie nije Jumatano.

Nimekwepa "kesho" makusudi: ujumbe wa usiku husomwa asubuhi, na kesho inakuwa imeshahama.