Hadithi inayorukaruka: nipange vipi matukio?

*Mwalimu, shikamoo. Nipo kidato cha tano, Newala. Tumepewa hadithi fupi ya Somoe, tuandike matukio kwa mpangilio halisi. Kitini kinasema ukiona "alikuwa ame-" hiyo ni mbinu rejeshi, ukiona "-li-" umerudi kwenye wakati wa sasa wa hadithi. Nimefuata hivyo nikapata mbili kati ya kumi. Nimekosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Hadithi hiyo naifahamu, na hicho kitini nakifahamu zaidi, maana kila muhula kinaniletea madaftari yenye kosa lile lile.

Tazama usiku Somoe anapotoroka. Unaanza hivi: "Alikuwa ameondoka usiku." Sawa, hapo mwandishi ametufungulia mlango wa nyuma. Lakini sentensi inayofuata ni "Alipita nyuma ya ghala, akaruka mtaro, akakatwa mguu na bati." Kwa kitini chako, "alipita" imeturudisha stendi ya Lindi, kwenye sasa ya hadithi, Somoe akiwa na mtoto mgongoni. Wapi! Bado tuko usiku ule ule. Mwandishi akishaingia zamani husimulia kwa -li- na -ka- kama kawaida, na -ka- inakwambia tu kwamba tendo limefuata lile la kabla yake. Haisemi uko mwaka gani.

Kinyume chake pia kipo. Somoe anapofika kwa shangazi yake, "mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli." Hiyo si rejeshi, ni hali aliyoikuta. Na ugomvi wa pesa za korosho, ambao ni rejeshi kabisa, unaanza kavu: "Baba alihesabu noti mara mbili."

Kuingia zamani mara nyingi kuna alama. Kutoka ndiko kunakokosa alama, na ndiko wengi mnakopotelea. "Alibisha hodi" inakuja mara tu baada ya kutoroka, ukadhani kabisha nyumba fulani usiku ule. Soma sentensi ya pili: "Mtoto akashtuka mgongoni." Usiku wa kutoroka hakuwa na mtoto. Basi tumesharudi Lindi.

Kwa hiyo acha vitenzi, shika vitu visivyorudi nyuma: kifo, kovu, mimba, mtoto, pesa iliyokwisha kuibwa. Kata karatasi, kila tukio na kipande chake, andika juu yake mwili wa Somoe ukoje na nani yuko hai. Kwenye ugomvi mjomba Hamisi anapima magunia, na noti ziko mkononi mwa baba. Usiku wa kutoroka, noti hizo hizo Somoe amezifunga kwenye pindo la kanga. Basi ugomvi umetangulia. Kwenye mazishi ya mjomba, Somoe amesimama mbali chini ya mwembe, kovu la mguu linamwasha, tumbo limeanza kuonekana. Kovu linasema kutoroka kumeshapita. Tumbo linasema mtoto bado. Unapata: ugomvi, kutoroka, mazishi, stendi, hodi.

Sasa mtego ambao sisi watu wa huku ndio tungepaswa kuuona wa kwanza. Ugomvi ni wakati wa kuuza korosho. Stendi nako korosho zimeanikwa kwenye turubai kando ya barabara. Wengi mmeandika "wiki chache baadaye", kwa kuwa msimu ni ule ule. Msimu unakwambia uko wapi ndani ya mwaka, haukwambii mwaka upi. Mazishi yako kwenye mvua, watu wanakanyaga tope. Tuseme Februari, tumbo ndiyo kwanza linaonekana: mtoto anazaliwa kama Julai. Novemba inayofuata atakuwa na miezi minne. Lakini huyo wa stendi, akiteremshwa mgongoni, anasimama dede akishika gunia, na mtoto wa miezi minne hawezi. Basi ni korosho za mwaka mwingine tena, na kati ya ugomvi na stendi kuna karibu miaka miwili.

Imebaki barua ya mama, isemayo mjomba anaumwa na anamuulizia Somoe. Imeandikwa baada ya kutoroka, kabla ya mazishi. Basi. Kama aliipata akiwa ameshajijua ana mimba au la, hadithi haisemi, nawe usiseme. Andika "kati ya kutoroka na mazishi", na msahihishaji anayejua kazi yake atakupa alama.

Wauza madesa wa kwenye simu hawawezi kuacha nafasi wazi namna hiyo. Nimeona orodha yao ya hadithi hii, kila tukio limebandikwa mwezi na mwaka ambao mwandishi hakuutaja popote, na barua wameiweka baada ya mazishi kwa sababu kwenye kurasa inakuja mwisho. Ina maana mama anamwandikia bintiye kwamba marehemu anamsalimia. Wanafunzi wanaolipia orodha hiyo wanainakili hivyo hivyo, darasa zima, hata makosa ya tahajia yamefanana.