Barua kwa mwanangu kuhusu tangazo la kazi

"Mama, shikamoo. Shirika limetangaza nafasi ya Meneja wa Ununuzi, mkataba wa miaka mitatu, mwezi mmoja tu baada ya kupata Mkurugenzi Mkuu mpya. Je, imeshapangiwa mtu, au niombe?"

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Tangazo ulilonitumia nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limepita kwenye sifa za mwombaji likaenda kusimama kwenye mstari wa masharti ya ajira. Tangu mkiwa wadogo nimewaambia, wewe na kaka yako, kwamba mwenye kalamu ya kuteua ndiye mwenye kalamu ya kutengua.

Wewe uliingia halmashauri kupitia Sekretarieti ya Ajira, ukafanya usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano, na majina yakatoka hadharani. Kwa nafasi za namna hiyo mkono wa mkurugenzi ni mfupi. Kwenye vyeo vya madaraka mambo ni tofauti. Katika mengi ya mashirika yetu mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na waziri wa sekta, na Mkurugenzi Mkuu naye mara nyingi ni mteule, kwa hiyo upepo ukigeuka juu, wanaoanza kuusikia ni mameneja walio chini yake moja kwa moja. Unakumbuka TANESCO: Septemba 2021 ilipata bodi mpya pamoja na Mkurugenzi Mtendaji mpya, Maharage Chande, na Septemba 2023 akahamishiwa TTCL, kisha siku chache tu baadaye akapelekwa Shirika la Posta. Mafundi wa nguzo waliendelea kupanda nguzo.

Yaliyonipata mimi unayajua, ila hukuwahi kuniuliza nilichokisoma siku ile. Nilikuwa nimekaimu umeneja wa ununuzi miezi kumi na minne, na barua yangu ya kukaimu haikutaja popote kwamba jina langu limepelekwa kufanyiwa upekuzi ili nithibitishwe. Hiyo ndiyo dalili niliyopaswa kuiona kwanza: mtu anayekaimishwa muda mrefu bila upekuzi anakitunza kiti kwa ajili ya mwingine. Mkurugenzi mpya alipofika, tangazo likabandikwa ubaoni karibu na mlango wa ghala, na muda wa kuomba ulikuwa siku saba. Lilitaka uzoefu wa miaka saba, na mitatu kati ya hiyo iwe katika mradi unaogharimiwa na wafadhili wa nje. Nilisimama pale na daftari la stoo mkononi, nikaupitisha mstari ule kwa kidole, kwa sababu shirika letu halikuwa na mradi wa wafadhili hata mmoja. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa ametoka kwenye mradi wa namna hiyo, na aliyepata nafasi alitoka huko huko.

Bado inaniuma. Hata hivyo, nikijibishana na nafsi yangu, yule bwana alijua kazi, na mkurugenzi anayefika mahali pageni ana haki ya kumtaka mtu anayemwamini kwenye zabuni. Lakini kama ni haki, kwa nini siku saba? Hapo ndipo ninapokwama kila mara.

Mimi nilipewa barua ya kwamba nitapangiwa kazi nyingine, nikapelekwa Sumbawanga. Cheo kilikwenda na posho ya madaraka ikakatika, ila ajira ilibaki, kwa sababu nilikuwa kwenye masharti ya kudumu, na kuniondoa kabisa kungehitaji hati ya mashtaka, utetezi wangu na kamati ya uchunguzi. Mwenzangu wa uhasibu, ambaye wewe ulimwita shangazi, alikuwa na mkataba. Hakuna aliyemfukuza wala kumgombeza. Mkataba ulifika mwisho na barua ya kuuhuisha haikuja.

Tangazo lako lina siku kumi na nne, na sifa zake ni za kawaida kwa kada yenu, kwa hiyo sioni ndani yake umbo la mtu mmoja. Ninachokiona ni kwamba utaacha ajira ya kudumu ili ukae chini ya mteule ambaye mwenyewe hajui atakuwepo hadi lini, na mwenye kalamu ya kuteua, mwanangu, ndiye mwenye kalamu ya kutengua. Ulimi wangu unawasha kukuambia la kufanya. Sitakuambia, maana umri wangu wa kupelekwa Sumbawanga si umri wako, na mshahara uliotajwa pale ni mzuri.

Ila kabla hujatuma maombi, mtafute aliyekishika kiti hicho kabla, umuulize aliondokaje: kwa kustaafu, kwa kuhamishwa, au kwa mkataba kutohuishwa. Nipigie Jumapili baada ya ibada, unisomee na kifungu cha kuvunja mkataba, neno kwa neno.

Mama yako