Flashi imegeuka shotikati tupu: usifomati kwanza

Habari za kazi, fundi. Nilipeleka flashi ya GB 16 stesheneri kuprinti mtihani wa kidato cha pili. Nilipofika nyumbani kila folda imekuwa shotikati yenye kamshale, KB 2 tu. Kijana wa jirani anasema tufomati. Humo kuna alama za wanafunzi za tangu mwaka juzi.
*Mwalimu, Tukuyu*

Nzuri, mwalimu. Huyo kijana mwambie asubiri kidogo. Fungua This PC, bofya kitufe cha kulia juu ya flashi, chagua Properties, kisha usome palipoandikwa Used space. Kama flashi ilikuwa na mzigo wa GB 6 na bado inasoma karibu GB 6, basi alama za wanafunzi wako hazijaenda popote. Kufomati ndiko kutakakozipoteza.

Kirusi cha namna hii kwa kawaida hakigusi yaliyomo ndani ya faili. Kinachofanya ni kuyabandika mafaili na mafolda yako alama mbili: h, yaani limefichwa, na s, yaani ni mali ya mfumo wa Windows. Kisha kwa kila kilichofichwa kinatengeneza shotikati yenye jina lilelile. Ukibofya hiyo shotikati mambo mawili yanatokea kwa mpigo: kirusi kinaamka, na folda yako halisi inafunguka usishuku kitu. Ndiyo maana watu hukaa nacho wiki nzima wakidhani flashi imebadilika sura tu. Ukitaka kuhakikisha, bofya kulia juu ya shotikati mojawapo, ingia Properties na usome Target. Badala ya njia ya kwenda kwenye folda utakuta cmd.exe au wscript.exe na maneno marefu nyuma yake, mara nyingi yakitaja faili linaloishia na .vbs.

Mtindo huu ulishika kasi baada ya mlango wa zamani kufungwa. Zamani kirusi kilijiwasha chenyewe pale tu ulipochomeka flashi, kupitia faili la autorun.inf. Windows 7 iliacha kuliheshimu faili hilo kwenye flashi, na mwaka 2011 Microsoft ikasambaza marekebisho hayohayo kwa XP na Vista. Tangu hapo kirusi kinahitaji mkono wa mtu ubofye, na hakuna chambo kizuri kama jina la folda lako mwenyewe.

Sasa kazi. Tafuta kompyuta unayoiamini, siyo ile ya stesheneri. Chomeka flashi na uangalie imepewa herufi gani. Mimi nitatumia E, wewe weka uliyoiona. Usibofye shotikati yoyote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi uliza kwanza hali ilivyo:

```
dir E:\ /a
```

Hapo yote yatajitokeza: shotikati zinazoishia na .lnk, na juu au chini yake mafolda yako halisi. Ukishayaona kwa macho, yaondolee alama:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Hiyo -h na -s zinaondoa alama mbili nilizotaja, -r inaondoa zuio la kuandika. /s inaingia hadi ndani ya mafolda, /d inayahusisha mafolda yenyewe. Amri hii haisemi "tayari" wala haipongezi mtu. Ikimaliza inakurudishia tu mstari wa kuandikia. Flashi yenye mafaili mengi inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usiichomoe. Kisha ondoa zile shotikati:

```
del E:\*.lnk
```

Fungua flashi. Mafolda yatakuwa yamerudi na rangi yake ya kawaida. Faili lolote la .vbs, .vbe, .js au .wsf ambalo hukuliweka wewe, lifute bila kulifungua. Ukiona folda inaitwa System Volume Information, iache, hiyo ni ya Windows. Halafu nakili alama za wanafunzi sehemu nyingine siku hiyohiyo.

Shikamoo kaka fundi. Nimeandika attrib kama nilivyoelekezwa na wenzangu wa hosteli, inaniambia "Parameter format not correct". Halafu mbona nisiende tu kwenye Properties nikatoa tiki ya Hidden?
*Mwanafunzi wa chuo, Iringa*

Marahaba. Karibu kila mara hiyo ni nafasi uliyoiruka. Umeandika -s/s/d kwa mkupuo. Inatakiwa -s, nafasi, /s, nafasi, /d. Angalia pia mkwaju: wa /s unaegemea upande mmoja, na wa E:\ unaegemea upande wa pili.

Tiki ya Hidden utaikuta imefifia, haibofyeki. Windows inaifunga hivyo kwa sababu faili lina alama ya s, na dirisha lile halina mahali pa kuitoa. Ndiyo maana hata ukiruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane bado huyaoni, mpaka utoe tiki kwenye "Hide protected operating system files". Hata attrib yenyewe ukiipa -h peke yake itagoma na kusema "Not resetting system file". Alama mbili zinatoka pamoja.

Ila jambo moja nakuomba ulishike: usiiache amri bila herufi ya flashi. Wapo wanaofungua dirisha jeusi kwa uwezo wa Administrator, likawaweka C:\Windows\System32, wakaandika attrib -h -r -s /s /d wakaishia hapo. Amri inafanya kazi palepale ilipo, na mafaili ya mfumo yanavuliwa alama zake za kweli. Kwa flashi huhitaji Administrator kabisa.

Antivairasi yangu imekamata virusi 14 kwenye flashi na kuvifuta. Sasa flashi haina shotikati wala mafaili. Je, imefuta na kazi zangu?
*Mfanyabiashara wa mbao, Mafinga*

Hapana. Imefuta shotikati na kirusi, lakini alama za kuficha haijazigusa, maana kwake hizo si virusi. Soma Used space kama nilivyomwambia mwalimu hapo juu, kisha tumia attrib ileile. Wewe umebakiza nusu ya kazi tu.

Nimefanya attrib, shotikati ilikuwa moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Sasa imetokea folda isiyo na jina kabisa. Naogopa kuifungua.
*Muuguzi, Njombe*

Ifungue, dada. Hiyo ni familia nyingine ya kirusi hikihiki: badala ya kuficha kila folda peke yake, inahamisha kila kitu ndani ya folda moja, kisha inaipa jina la herufi isiyoonekana. Ni herufi halali ila haina umbo, ndiyo maana ukijaribu kuiingia kwa kuandika cd na nafasi ya kawaida inakataa. Kwa mausi inafunguka bila shida. Wakati mwingine inavaa hata picha ya flashi ili uidhanie ni diski.

Ndani yake chagua vyote vilivyo vyako, kata, rudi mwanzo wa flashi, bandika. Baada ya kuhakikisha vimefunguka, futa hiyo folda tupu na shotikati yake. Kama ndani kuna faili la .dll au .exe usilolijua, lisihame na wenzake.

Fundi, nina stesheneri. Nikirudishia mteja mafaili kwa attrib, ndani ya sekunde chache shotikati zinarudi. Wateja wameanza kusema flashi zao zinaumwa kwangu.
*Mwenye stesheneri, Makambako*

Wanasema kweli, na nakusifu kwa kuuliza, maana wenzako wengi wanaishia kumuuzia mteja flashi mpya. Kirusi kimekaa kwenye kompyuta yako na kinaichungulia kila flashi inayochomekwa. Kufanya attrib hapo ni kudeki huku bomba linavuja. Chomoa flashi zote, tuanze na mashine.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda Details. Tafuta wscript.exe. Kabla ya kuizima, bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua Select columns na uweke tiki kwenye Command line. Sasa utasoma wscript.exe inaendesha faili gani na liko wapi. Mara nyingi ni jina la ajabu ndani ya AppData au Temp. Liandike kwenye karatasi. Kisha:

```
taskkill /f /im wscript.exe
```

Wscript.exe yenyewe usiifute, ni ya Windows. Mkosaji ni faili inaloliendesha. Lifuate lilipo ulifute, na kama halionekani, kumbuka kuwa nalo limejificha, hivyo onyesha mafaili ya mfumo kwanza. Nakala zake hupenda kukaa sehemu mbili za kuanzia: folda linalofunguka ukiandika shell:startup kwenye Run, na kwenye rejista chini ya HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Ondoa kila mstari unaotaja jina uliloandika kwenye karatasi. Ukiacha hata mmoja, kesho asubuhi ukiwasha kompyuta kimerudi.

Kwa kuwa duka lako ni la kuprinti na kutoa kopi, sidhani kama una kazi ya skripti za .vbs. Zima kabisa mlango wao, ukiwa Administrator:

```
reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f
```

Ukitaka kuufungua siku moja, weka 1 badala ya 0. Hii haizuii ile familia ya folda isiyo na jina, kwa sababu yenyewe hutumia rundll32.exe na si skripti. Kwa hiyo bado sasisha antivairasi na uskani mashine nzima.

Utajuaje imepona? Chukua flashi tupu, weka ndani faili moja la maandishi, zima kompyuta na uiwashe tena, chomeka flashi, ngoja dakika mbili. Kisha dir E:\ /a. Ukikuta faili lako peke yake, au pamoja na System Volume Information tu, pokea wateja. Ukikuta .lnk, rudi kwenye Task Manager, kuna nakala umeiruka.

Nimefanya yote. Dir haionyeshi kitu zaidi ya shotikati, na Used space ni KB chache. Attrib imeshindwa?
*Msomaji, Mbeya mjini*

Attrib inafichua kilichopo, haifufui kilichofutwa. Kwako kuna mtu, au programu, aliyefuta au kufomati. Usiweke kitu chochote kipya kwenye flashi hiyo, hata wimbo mmoja, na ujaribu programu ya kurejesha kama Recuva, ukihifadhi kinachopatikana kwenye diski ya kompyuta na si kwenye flashi ileile. Kama mafaili yapo ila yameongezewa mkia wa ajabu mwishoni mwa jina na hayafunguki, hicho ni kirusi kingine kinachofunga mafaili kwa ufunguo, na attrib haina la kufanya hapo.