Bei ya mafuta ya kula: chupa, dumu au pakiti?

"Jamani, chupa moja 6,200, dumu la lita 5 ni 32,500, pakiti laini 6,300. Ipi nafuu?"

Ndugu, usiangalie ukubwa wa chupa, soma maandishi madogo chini ya lebo. Chupa inayoonekana ya lita moja inaweza kuwa na mililita 900, kitako kimebonyezwa kwa ndani. Kama yako ni hivyo, kwenye simu piga 6200 ÷ 900 × 1000: inakuja karibu 6,890 kwa lita. Dumu ni 6,500.

Pakiti ndiyo yenye mtego. Kama imeandikwa 900 g, huo ni uzito, si ujazo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina takriban gramu 920. Kwa hiyo gawa 900 kwa 0.92, unapata kama mililita 978. Sasa 6300 ÷ 978 × 1000 ni kama 6,440. Pakiti imelishinda dumu kwa shilingi 60 hivi, ingawa ukishaikata inabidi uimimine kwenye chupa, na hapo mimi humwaga kidogo kila mara. Ikiwa imeandikwa 900 ml, hesabu inageuka: 7,000 kwa lita, chukua dumu.