Mlango wa kibofu: wiki hii tena ni mpira na mfuko

Shikamoo sista. Baba ana miaka 74, ana mpira wa mkojo, anasubiri upasuaji wa tezi dume. Kila asubuhi tunachomoa mfuko, tunauosha kwa sabuni na maji ya moto, tunaurudisha. Leo siku ya tisa ana homa na anatetemeka. Tumekosea wapi wakati tunasafisha kila siku?

Marahaba mwanangu. Mmekosea hapo hapo kwenye "tunachomoa", na barua yako ni ya nne mwezi huu yenye neno hilo.

Kuanzia kibofu cha baba hadi kwenye koki iliyo chini ya mfuko, njia ni moja na imefungwa. Usalama wake wote uko kwenye kufungwa huko. Mkichomoa pale mpira unapokutana na mfuko, vijidudu vya mikononi, vya mezani na vya ndani ya beseni vinapata njia ya kupanda kwa ndani mpaka kwenye kibofu. Siku tisa, mmefungua mlango mara tisa. Na mfuko uliooshwa kwa sabuni si mfuko safi. Unabaki na unyevu ndani, na unyevu huo ni shamba.

Mkojo unamwagwa kwa koki ya chini tu. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama wewe si mgonjwa mwenyewe vaa glavu. Weka chini chombo ambacho ni cha baba peke yake, fungua koki bila kuiacha iguse chombo, ukiisha kumwaga funga, futa ncha yake kwa pamba yenye spiriti, kisha nawa tena. Msisubiri mfuko ujae. Ule wa lita mbili umwagwe ukifika nusu au ukizidi kidogo, kwa sababu ukiwa mzito unavuta mpira na kumkwaruza baba kwa ndani. Huo mvuto unapunguzwa kwa kuubandika mpira kwenye paja kwa plasta, ukiacha ulegevu kidogo.

Kuachanisha mpira na mfuko kunaruhusiwa siku ya kuweka mfuko mpya, yaani baada ya siku 5 hadi 7, au mapema ukivuja. Mfuko mpya utoke kwenye pakiti yake wakati huo huo, ncha yake isiguswe na kidole wala shuka. Wa zamani unatupwa. Najua mfuko ni hela, lakini kulazwa kwa ajili ya maambukizi ni hela zaidi.

Sasa hiyo homa ya kutetemeka: mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho. Wakitaka kupima mkojo, wasipewe uliokaa mfukoni, maana huo umelala na vijidudu vyake. Waambieni pia mpira una siku ngapi. Ukiwa umepita wiki mbili, kwa kawaida huwekwa mpya kwanza, halafu kipimo kinachukuliwa kwenye huo mpya.

Mkojo wa mama una ukungu na harufu kali. Hana homa, anakula vizuri. Duka la dawa wamenipa siprofloksasini. Ameze ngapi kwa siku?

Asimeze mpaka aonwe na daktari. Maduka ya dawa yanauza antibayotiki kama karanga, na nyinyi mnanunua.

Mtu akikaa na mpira mwezi mzima, karibu kila mara mkojo wake utakuwa na vijidudu. Vinajibandika kwenye ukuta wa mpira na kuishi hapo. Ukungu na harufu peke yake havimaanishi kwamba vinamshambulia. Ukimpa dawa leo kwa ajili ya harufu, vinavyobaki ni vile vilivyoishinda dawa hiyo, na siku atakapougua kweli utakuwa umeshaitumia bure. Anza na maji. Mkojo mzito unanuka, na lita moja na nusu hadi mbili kwa siku humtosha mtu mzima, ila kama daktari amembana maji kwa sababu ya moyo au figo.

Maambukizi ya kweli humgusa mtu mwenyewe: homa ya 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu au kiunoni pembeni, kutapika. Wazee wanatudanganya, wanaweza wasipate homa kabisa. Bibi aliyekuwa anawataja wajukuu wote kwa majina, ghafla leo hajui yuko wapi, au analala mchana kutwa na kukataa uji. Huyo ni mgonjwa hata kama kipimajoto kinasema 36.8. Msiseme ni uzee. Uzee hauingii kati ya asubuhi na jioni.

Tuoshee kwa detoli pale mpira unapoingia?

Hapana. Wala spiriti, wala poda, wala mafuta. Maji na sabuni ya kawaida, mara moja au mbili kwa siku na kila akipata choo. Futa ukianzia mwilini kwenda nje, usirudishe kitambaa. Mwanamke afutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanaume ambaye hajatahiriwa, govi livutwe nyuma, paoshwe, kisha lirudishwe. Likisahaulika nyuma linakaba, uume unavimba, na hiyo ni dharura.

Mfuko wa bibi umegeuka zambarau! Majirani wanasema amerogwa.

Bibi hajarogwa, huenda amefunga choo. Chakula kikikaa sana tumboni, vijidudu vya utumbo hutengeneza kitu kinachopita kwenye damu hadi kwenye mkojo. Vijidudu vya kwenye mpira navyo hukigeuza kuwa rangi ya buluu na nyekundu, zinazong'ang'ania plastiki ya mfuko. Huonekana zaidi kwa kina mama wazee waliokaa na mpira muda mrefu. Mpeni maji, mapapai na mboga, na mwambieni muuguzi wake, kwani huenda ni wakati wa kubadili mpira. Akiwa na dalili nilizotaja juu, aonwe siku hiyo hiyo.

Akilala mfuko ukae wapi?

Chini kuliko kibofu, bila kugusa sakafu. Uning'inizwe, usilazwe.

Tangu saa kumi na moja alfajiri hakuna hata tone, sasa ni saa nne. Babu analia tumbo. Tuuvute utoke?

Msiuvute! Ndani ya kibofu kuna puto lenye maji, mara nyingi mililita 10, ndilo linaloushika mpira. Nimewahi kumpokea mzee aliyeuvuta puto likiwa limejaa. Njia ya mkojo ilichanika na damu ilijaa shuka.

Angalieni haraka: mpira umekunjwa au ameulalia? Mfuko uko juu kuliko kibofu? Umejaa? Amefunga choo siku kadhaa? Choo kigumu kinaweza kuubana mpira kwa ndani. Mkinyoosha na mkojo usitoke, mpelekeni sasa hivi, hata kama mkojo umeanza kuvuja pembeni, maana huko ni kuziba vilevile. Msisukume maji ndani kwa bomba la sindano mliloazima kwa jirani.

Tunasafiri na mzee kwa basi, Iringa hadi Dar. Tufanyeje?

Mwombeni muuguzi mfuko mdogo wa kufunga mguuni, auweke yeye kabla ya safari. Kama hakuna, mmwage mkubwa kabla ya kupanda, uning'inizwe chini ya usawa wa kiti, na mmwage tena kila basi likisimama. Kondakta akitaka kuuweka juu kwenye mizigo, kataeni. Mkojo utarudi kwa mzee.

Sista, mpira wenyewe ubadilishwe baada ya muda gani?

Someni kadi aliyopewa. Wa silikoni hukaa hadi wiki 12, wa lateksi wa kawaida ni wiki chache tu. Kama kadi imepotea, rudini mlikowekewa mkaulize, na safari hii muiandike tarehe ukutani.